Ujumbe Mmoja, Mara Tatu: Namna ya Kuipatia Biashara Yako Sauti Moja

Biashara nyingi ndogo hapa Nakuru huongea kwa sauti tofauti kutwa nzima. Asubuhi mteja anapokea "Tunawaarifu wateja wetu wote kwamba…", saa sita anajibiwa "Poa, ntakucheki", jioni anatumiwa kichekesho chenye emoji sita. Mteja hajui anaongea na nani, na siku pesa zake zikikwama hajui amwamini yupi kati ya hao watatu.

Njia ninayoitumia kuziondoa biashara hapo ni kuandika ujumbe uleule mara tatu: mara moja kwa lugha rasmi, mara moja kwa lugha ya kirafiki na mara moja kwa utani. Baada ya hapo unatafuta sauti yako ndani ya hayo matoleo matatu. Hauchagui moja lililokupendeza na kutupa mengine. Unalinganisha sentensi kwa sentensi, na ulinganishaji huo ndio kazi yenyewe.

Nitaifuata kazi hiyo kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukue biashara ya yogati pale Kiamunyi. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye wasaidizi wawili na kijana wa bodaboda anayepeleka oda Milimani, Section 58 na Lanet.

Kwanza, chagua habari mbaya

Watu wakianza zoezi hili hukimbilia tangazo la ofa, na ofa haikuonyeshi chochote. Mtu anayepunguziwa bei husamehe lugha yoyote. Sauti ya biashara hujulikana pale kitu kinapoharibika, kwa sababu hapo ndipo unapolazimika kuamua utaomba msamaha namna gani, utaeleza sababu kiasi gani na utamwita mteja nani. Ukiipata sauti inayoweza kubeba habari mbaya, tangazo la ofa litaandikika kwa urahisi.

Kwa biashara ya yogati, habari mbaya iko karibu kila wakati. Maziwa yakishachemshwa na kupoozwa hutiwa kimea cha yogati, yaani bakteria wanaoyagandisha, kisha yanatakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 43 hivi kwa saa kadhaa hadi yagande. Stima ikipotea katikati ya usiku na kabati la joto likapoa, bakteria wale hupunguza kasi, na asubuhi unakuta maziwa mepesi yasiyouzika. Wateja wameshalipa tangu Ijumaa. Ujumbe lazima utoke Jumamosi saa moja asubuhi.

Pili, funga ukweli kabla ya kugusa lugha

Chukua karatasi uandike mambo ambayo ujumbe lazima uyaseme, bila pambo lolote. Katika mfano wetu ni haya: yogati ya leo haitafika, sababu ni stima kupotea na maziwa kutoganda, yogati mpya itafika Jumatatu kabla ya saa tano asubuhi, anayetaka pesa zake ajibu RUDISHA, pesa zitatumwa kwa M-Pesa leo kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mambo matano. Hayo hayabadiliki katika toleo lolote. Usipoyafunga mapema, utajikuta unalinganisha habari tatu tofauti badala ya lugha tatu, na toleo la utani litaonekana jepesi na tamu kwa sababu tu limesahau kutaja pesa.

Tatu, andika matoleo matatu

Anza na la rasmi, kwa maana ndilo rahisi. Sote tumelisoma katika barua za shule na matangazo ya kaunti:

> Mteja mpendwa, tunasikitika kukuarifu kwamba yogati iliyopaswa kukufikia leo Jumamosi haitapatikana. Umeme ulikatika usiku wa kuamkia leo na maziwa hayakuganda inavyostahili, hivyo hatutayauza. Yogati mpya itakufikia Jumatatu kabla ya saa tano asubuhi. Iwapo ungependa kurudishiwa pesa, tafadhali jibu RUDISHA nawe utazipokea kwa M-Pesa leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Toleo la kirafiki usiliandike ukiwa umekaa. Mwombe mwenye biashara ashike simu na arekodi ujumbe wa sauti kwa mteja mmoja anayemfahamu vizuri, mtu wa kweli, akimweleza yale mambo matano. Kisha andika alichokisema, ukiondoa marudio tu. Ukimwambia "andika kirafiki", ataandika anavyodhani marafiki huandika, na kutatokea "Hujambo rafiki yetu mpendwa", maneno ambayo hakuna mtu humwambia mwenzake sokoni Nakuru. Akiongea, hutoka kitu kama hiki:

> Habari ya asubuhi. Yogati yako ya leo haitafika, na tunaomba msamaha. Stima ilipotea usiku, maziwa yakakataa kuganda, na hatuwezi kukuuzia kitu ambacho hatungewapa watoto wetu. Tunatengeneza nyingine, na Jumatatu kabla ya saa tano asubuhi itakuwa mlangoni kwako. Ukiona afadhali upate pesa zako, tujibu RUDISHA, tutakutumia kwa M-Pesa leo kabla ya saa kumi na mbili jioni.

La utani mpe msaidizi mwenye ulimi mwepesi, umwachie uhuru wote:

> Sasa! Stima iliondoka usiku bila kuaga, na maziwa nayo yakagoma, hayakuganda ng'o! Kwa hivyo leo hakuna yogati. Jumatatu kabla ya saa tano asubuhi tutakuwa mlangoni kwako na nyingine iliyoganda sawasawa. Hutaki kungoja? Jibu RUDISHA na pesa zako zitaingia M-Pesa leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. 🙏

Nne, yasome kama mteja anavyoyasoma

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanauliza "lipi zuri zaidi?" na kila mtu ofisini anapiga kura. Acha kura. Kuna maswali mawili tu, na yote yana majibu unayoweza kuyaona kwa macho.

Swali la kwanza: ni nini kinachoonekana kabla ya mtu kufungua ujumbe? Simu ikiwa imefungwa, kioo huonyesha maneno ya mwanzo peke yake. Katika toleo la rasmi mteja anasoma "Mteja mpendwa, tunasikitika kukuarifu kwamba yogati…" na moyo unaruka bila kujua kumetokea nini. La utani ni baya zaidi: anasoma kuhusu stima na maziwa yaliyogoma, na anaweza kuuweka ujumbe kando akidhani ni kichekesho, huku watoto wakisubiri yogati mezani. La kirafiki linampa habari yenyewe katika sentensi ya pili: "Yogati yako ya leo haitafika." Andika hilo pembeni ya karatasi, kwamba katika biashara hii habari hutangulia, sababu hufuata.

Swali la pili: mtu akisomewa ujumbe mara moja, anaweza kukuambia afanye nini na kabla ya saa ngapi? Msomee mtu asiyehusika, jirani wa duka kwa mfano, kwa sauti na mara moja tu. Akijibu "kwa hivyo yogati ni lini?", toleo hilo limeanguka hata kama amecheka. Swali hilohilo litakuja kwako mara hamsini siku ya Jumamosi.

Ukimaliza, chukua kalamu na upigie mstari sentensi ambazo hungekubali kuzitoa. Katika matoleo yetu ningepigia mstari tatu. Kutoka la rasmi, "hivyo hatutayauza", kwa sababu ni fupi na haina kona. Kutoka la kirafiki, "hatuwezi kukuuzia kitu ambacho hatungewapa watoto wetu". Kutoka la utani, "maziwa nayo yakagoma", ambayo inachekesha bila kumcheka mtu yeyote.

Tazama sentensi hizo tatu zikiwa pamoja. Zote zinasimama na ubora wa maziwa, na hakuna inayojitetea. Hiyo ndiyo sauti ya biashara hii: mama anayekwambia ukweli moja kwa moja kwa kuwa anajali kilicho ndani ya chupa. Hakuna aliyeibuni mezani. Imeonekana kwa sababu kitu kilekile kimejitokeza katika mavazi matatu.

Kama sentensi ulizopigia mstari hazifanani hata kidogo, yaani moja inanyenyekea, nyingine inajigamba na ya tatu ni mzaha mtupu, basi mara nyingi zimeandikwa na watu watatu wenye mawazo tofauti kuhusu biashara hiyo ni ya nani. Rudi kwenye ujumbe wa sauti wa mwenyewe uanzie hapo.

Tano, geuza uliyoyaona kuwa maamuzi

"Tuwe wachangamfu lakini wa kuheshimika" si uamuzi. Msaidizi akishika simu saa mbili usiku, maneno hayo hayamwambii aandike nini. Anachohitaji ni majibu ya vitu vidogo, na katika Kiswahili chetu ni vitu vichache vinavyobadilisha sauti karibu yote.

Salamu ni kimoja. Sisi tunaamua "Habari ya asubuhi" au "Habari ya jioni". "Hujambo" inasikika kama kitabu cha shule, na "Sasa" au "Niaje" inawapendeza vijana lakini mzee wa Milimani aliyezoea kuitwa mzee ataona amevunjiwa heshima. Mteja anayejulikana kuwa mtu mzima ataitwa "mama" au "mzee", wengine hawapewi jina lolote. "Mteja mpendwa" tunaiacha.

Msamaha ni cha pili, na hapa nina msimamo mkali. "Pole" humwambia mtu kwamba umemhurumia. "Samahani" au "tunaomba msamaha" humwambia kwamba jambo lilikuwa mikononi mwako. Yogati isipofika, hata kama stima ndiyo iliyopotea, mteja alikulipa wewe wala hakulipa kampuni ya umeme. Ukimwandikia "pole kwa usumbufu" unasimama kando kama mpita njia. Kwa hiyo kosa letu ni "samahani", msiba au ugonjwa wa mteja ni "pole", na msamaha tunauomba mara moja tu. Msamaha wa mara tatu katika ujumbe mmoja humfanya msomaji adhani kuna jambo kubwa zaidi linalofichwa.

Kisha maneno ya kila siku. Tunasema "stima", hatusemi "umeme". Tunasema "pesa zako", hatusemi "malipo yako". Tunaandika maneno kamili: "nitakupigia", si "ntakupigia". Sheng tunaiacha kabisa, na sababu si kwamba ni lugha mbaya. Ni kwamba hugeuka haraka, na neno linalochangamka Kaptembwo mwaka huu linaweza kuwa limezeeka mwaka ujao likiwa bado limo kwenye majibu yako yaliyohifadhiwa.

Mwisho utani. Tumeamua unaruhusiwa kuhusu maziwa, chupa, kabati na sisi wenyewe. Haukai kamwe katika sentensi iliyotaja pesa, siku au saa. Wala haugusi namna mtu anavyotamka maneno. Mji huu una Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengine wengi, na kichekesho cha lafudhi kinachoonekana kitamu kwa aliyekiandika ni kidole machoni kwa nusu ya wateja wake. Utani wa lugha ya mama nao humwacha nje kila asiyeijua.

Maamuzi hayo yakiwa mezani, ujumbe wa Jumamosi unakuwa hivi:

> Habari ya asubuhi. Yogati yako ya leo haitafika, samahani. Stima ilipotea usiku na maziwa yakagoma kuganda. Hatuwezi kukuuzia kitu ambacho hatungewapa watoto wetu. Nyingine itafika mlangoni kwako Jumatatu kabla ya saa tano asubuhi. Ukitaka pesa zako, jibu RUDISHA, tutakutumia kwa M-Pesa leo kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Utani umebaki neno moja, "yakagoma", na umekaa kwenye sentensi ya sababu. Mambo matano yote yamo.

Sita, ujaribu kwenye njia utakayotumia kweli

WhatsApp haina shida na urefu. SMS za kutuma kwa wengi zina hesabu yake, na hesabu hiyo haijali sauti uliyoipenda. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ikizidi, hukatwa vipande vya herufi 153 na unalipia kila kipande. Ukiweka emoji hata moja, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na SMS moja hubeba herufi 70 tu, na vipande vya ujumbe mrefu huwa vya 67. Lile toleo letu la utani bila emoji ni SMS mbili. Kwa ile 🙏 moja mwishoni linakuwa SMS tano, na kila mteja aliye kwenye orodha anahesabiwa hivyo.

Kuna mtego mwingine unaotupata sisi waandishi wa Kiswahili zaidi ya wengine. Alama ya ng' iliyonyooka haina tatizo. Lakini ukiandika "ng'ombe" au "ng'o" kwenye programu ya kuandikia kisha ukanakili, mara nyingi alama hiyo imepindwa yenyewe kuwa ’, na hiyo haimo katika mfumo wa kawaida wa SMS. Matokeo ni yaleyale ya emoji. Ukiona ujumbe mfupi wenye neno ng'ombe umehesabiwa mara mbili au tatu, futa alama uichape upya ukiwa ndani ya ukurasa wa kutuma SMS.

Tena, SMS inayotoka kwa jina la biashara badala ya namba haijibiki. RUDISHA ya mteja haitafika popote. Kwa hiyo toleo la SMS linabadilika:

> Habari. Yogati yako ya leo haitafika, samahani. Stima ilipotea, maziwa hayakuganda. Mpya ni Jumatatu kabla ya saa 5 asubuhi. Ukitaka pesa piga 07XXXXXXXX.

Hiyo inaingia ndani ya 160. Sentensi ya watoto imeondoka, na muda wa kurudisha pesa mteja ataelezwa akipiga. Sauti bado inatambulika kwa sababu mpangilio ni uleule: habari, samahani moja, sababu, siku. Biashara ambayo sauti yake yote imo kwenye emoji na alama za mshangao hubaki bubu ikifika kwenye SMS.

Saba, ipime kwa ujumbe mwingine

Sauti iliyopatikana kwenye ujumbe mmoja haijathibitika. Andika miwili zaidi yenye hali tofauti. Kwanza bei ikipanda. Kati ya Januari na Machi kiangazi kikikaza, nyasi hukauka, maziwa hupungua na wafugaji hupandisha bei:

> Habari ya asubuhi. Kuanzia Jumatatu nusu lita ya yogati itakuwa shilingi 130 badala ya 120. Nyasi zimekauka na maziwa tunayanunua ghali. Tungeweza kuongeza maji tubaki na bei ileile, lakini hatutafanya hivyo. Oda uliyolipia tayari haibadiliki.

Pili, mteja analalamika kwamba yogati imechacha kupita kiasi:

> Samahani mama. Chupa hiyo usiitumie. Tutakuletea nyingine leo na kijana atachukua hiyo ili tujue kilichotokea. Tafadhali tuambie tarehe iliyo kwenye kifuniko.

Hapa hakuna utani hata chembe, na hakuna salamu ndefu, kwa sababu mtu ameshika chupa mbovu mkononi. Lakini bado ni sauti ileile ya mwenye biashara: samahani moja, la kufanya bila kuzunguka, maziwa ndiyo yanayoshughulikiwa. Kinachopanda na kushuka ni uchangamfu. Namna ya kuona mambo haibadiliki. Ukiona huwezi kuandika jibu la malalamiko bila kurudi kwenye "tunasikitika kukuarifu", sauti uliyoichagua ilikuwa ya matangazo tu, na inabidi urudi kwenye hatua ya nne.

Nane, iweke pale wasaidizi wataifikia

Ukurasa wa maamuzi ukikaa kwenye daftari la mwenyewe, sauti itapotea siku atakayosafiri. Kwenye WhatsApp Business nenda sehemu ya Quick replies, uhifadhi jumbe tano au sita mnazotuma mara kwa mara, kila moja na neno lake la kuita, kwa mfano /rudisha, /bei, /chelewa. Msaidizi akichapa mkwaju na neno hilo, ujumbe hutokea naye hubadilisha siku na saa tu. Mwonyeshe kijana wa bodaboda pia, maana yeye ndiye humwandikia mteja "niko gate" na kumaliza ghafla heshima mliyoijenga tangu asubuhi. "Habari, nimefika na yogati yako, niko langoni" inamtosha.

Kila baada ya wiki chache pitia majibu ya wateja, hasa maswali. Swali lilelile likirudi kutoka kwa watu tofauti baada ya ujumbe fulani, sentensi inayolihusu iandike upya kwa matoleo matatu kama mwanzo.

Toleo la rasmi uliloliandika siku ya kwanza lihifadhi. Shule ikiomba bei ya kuwapelekea wanafunzi yogati, hoteli ikitaka mkataba, au ukilazimika kuwaomba wateja warudishe chupa za siku fulani kwa sababu ya usalama, utalihitaji, na maneno "hivyo hatutayauza" yatakaa humo bila kubadilishwa.